Kumnyoa mzee au mgonjwa aliyelala kitandani nyumbani: maswali yanayoulizwa sana

Haya ni maswali ambayo ndugu wanaouguza nyumbani wanayauliza tena na tena, hasa wale wenye mzee aliyepata kiharusi au aliyelala muda mrefu. Mengi nimeyajibu nikimfikiria mzee aliyepooza upande mmoja wa mwili, maana huyo ndo anayewasumbua wengi zaidi, ila mambo karibu yote yanamfaa hata bibi ambaye amechoka tu na umri.

## Kabla hujashika mashine

Mgonjwa hatoki nje, kuna haja gani ya kumnyoa? Si tusubiri apate nafuu?

Usisubiri. Mtu aliyelala chali kisogo chake kinabanwa na mto saa zote, jasho linakaa palepale, mafuta ya kichwa na uchafu vinashikana na nywele mpaka zinakuwa kama tabaka gumu. Chini ya hilo tabaka huwezi kuona ngozi. Na kisogo ni moja ya sehemu zinazotoka vidonda vya kulala, sawa na makalio na visigino, ila makalio mnayaangalia kila mkibadilisha pampasi, kisogo hakuna anayekiangalia mpaka siku mto unakutwa na majimaji.

Kwa hiyo mimi sababu ya kwanza ya kumnyoa naiona ni hiyo, kupata kuiona ngozi. Nywele fupi zinaoshwa kwa kitambaa na maji kidogo, zinakauka haraka, na fangasi hawapati pa kujificha. Mwanaume anatosha kunyolewa kila baada ya wiki 3 au 4. Mama ambaye hataki kupunguza nywele, soma swali la kina mama huko chini.

Nitumie mashine, mkasi au wembe?

Mashine yenye kichanuo cha plastiki mbele, kile kinachobanwa juu ya meno. Wembe uweke pembeni kabisa. Ngozi ya mzee ni nyembamba, imelegea na inateleza juu ya mfupa, wembe ukipita kwenye mkunjo unachana bila wewe kuhisi, na wazee wengi wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda (aspirini, klopidogreli, warfarini) kwa hiyo kijeraha kidogo kinatoa damu muda mrefu. Mwenye kisukari naye jeraha dogo kwake si dogo.

Mashine ya chaji ni nzuri kuliko ya waya. Waya unakatiza juu ya kitanda, unamvuta mgonjwa, na umeme ukikatika katikati ya kazi unabaki na mzee aliyenyolewa nusu. Ichaji usiku uliotangulia. Mkasi uwe wa ncha butu, huo ni wa kukata mafundo, kupunguza pembeni ya masikio, na kwa wale wanaoogopa mlio wa mashine.

Namba ngapi? Vijana wanasema tumpige zero ili ikae muda mrefu.

Hapana jamani. Zero ni meno ya mashine yanagusa ngozi moja kwa moja, na hapo ndo vinatoka vipele na michubuko. Namba 1 inaacha nywele kama milimita 3, namba 2 inaacha milimita 6. Kwa mgonjwa wa kulala anza na namba 2, ukiona bado nyingi rudia na namba 1. Usishuke chini ya hapo.

Kuna sababu nyingine ya kuacha nywele kidogo. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa kwenye ngozi kabisa, ncha inajikunja na kuingia tena ndani, hasa kisogoni na kidevuni, inatoa vipele vigumu. Sasa mtu ambaye kisogo chake kinasuguliwa na mto usiku na mchana ukimletea vipele hapo umemtafutia shida ya miezi.

Naosha kwanza halafu nanyoa, au nanyoa kwanza?

Nyoa kwanza nywele zikiwa kavu, halafu osha. Ukiosha baada ya kunyoa unaondoa pia vijinywele vyote vilivyobaki, kazi moja inafanya mbili. Na mashine kwenye nywele zenye maji inang'ang'ania na kuvuta, mgonjwa anaumia.

Isipokuwa tu kama nywele zimegandamana na mafuta au jasho mpaka kitana hakipiti. Hapo mwoshe siku moja kabla, zikauke vizuri, kesho yake unanyoa. Zile zilizofungamana kabisa mpaka zimekuwa kama mkeka, tazama swali la kina mama.

Muda gani wa siku ni mzuri?

Asubuhi akiwa amepumzika na chumba kina mwanga wa dirisha, ila si mara tu baada ya kula. Subiri kama saa moja baada ya chakula, hasa anayelishwa kwa mpira wa puani, maana kumgeuzageuza tumbo likiwa limejaa anaweza kucheua na chakula kikaingia kwenye njia ya hewa. Kama anatumia dawa ya maumivu, mpe kwanza, subiri nusu saa mpaka saa moja ndo uanze. Kwa wazee waliopoteza kumbukumbu asubuhi ndo salama yako, jioni wengi wanachanganyikiwa zaidi.

## Kumlaza, kumgeuza na kunyoa

Hawezi kukaa kabisa. Naanzia wapi?

Nitaenda na mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Tuseme ni mzee amepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi, anasikia na anaelewa ila maneno yanatoka machache. Mko wawili, wewe unanyoa na mdogo wako anashika. Ukiwa peke yako inawezekana ila utachoka na yeye atachoka, kwa hiyo tafuta mtu hata wa dakika 30.

Mwambie kabla hujagusa kitu: "Shikamoo baba, leo tunapunguza nywele, tutakugeuza mara mbili tu." Muwashie mashine mbali kidogo asikie mlio, halafu mguse nayo begani ikiwa imezimwa. Mtu aliyelala hakuoni ukiwa kisogoni kwake, kitu kinachonguruma ghafla nyuma ya sikio kinamshtua na anaruka.

Toa mto. Tandaza mpira au mfuko mkubwa wa nailoni uliochanwa kuanzia mabegani mpaka juu ya kichwa, juu yake weka shuka kuukuu jembamba. Usiweke taulo hapo, taulo linashika vijinywele na havitoki. Shuka lingine lizungushe shingoni, ukunje ncha zake ndani ya kola, lisibane. Vua shati lake kama inawezekana, kifua kifunike na kanga asipate baridi.

Sasa mgeuze alalie upande wa kushoto, ule mzima. Mkono uliopooza uweke mbele yake juu ya mto, usiachwe unaning'inia nyuma. Mdogo wako anasimama upande wa usoni, kiganja kimoja chini ya shavu, kingine begani. Chini ya shavu weka kitambaa kilichokunjwa ili kichwa kiwe sawa na uti wa mgongo, kisiiname. Hapo unaona kisogo chote na nusu ya kulia ya kichwa.

Anza na kisogo. Wengi wanaanza mbele kwa sababu ndo panaonekana, matokeo yake wakifika kisogoni mzee amechoka na wao wameanza kuharakisha, wakati kisogo ndo chenye kazi. Chana kwanza kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kwenda kwenye shina. Kisha mashine, toka chini ya kisogo kwenda juu, kinyume na nywele zinavyolala, taratibu, na mkono wako wa kushoto unavuta ngozi kidogo iwe bapa mbele ya meno. Nyuma ya sikio likunje mbele kwa kidole. Kila baada ya dakika mbili tatu gusa meno ya mashine ndani ya kifundo cha mkono wako, ukihisi joto la kukufanya utoe mkono zima upumzike, maana upande uliopooza huenda hausikii joto na hatakwambia anaungua.

Ukishamaliza upande huo, kunja shuka lenye nywele kuelekea ndani, tandaza safi, ndo umgeuze. Akilalia upande wa kulia, uliopooza, usikae nao muda mrefu, dakika 5 mpaka 10 zinatosha, na kabla hujaanza hakikisha bega limetolewa mbele (soma swali linalofuata). Nyoa nusu ya kushoto.

Mwisho mrudishe chali, inua kichwa. Kama kitanda hakina sehemu ya kuinuliwa, chukua kiti cha mbao, kigeuze kipindue kitandani, mgongo wa kiti uwe mteremko nyuma yake, weka mito juu. Hapo unamalizia mbele na kukagua kama pande mbili ziko sawa. Kazi nzima ni kama dakika 30, na akichoka katikati mnaacha, mnamalizia kesho. Nusu kichwa kwa siku moja hakina ubaya wowote, yuko nyumbani kwake.

Nimshikeje upande uliopooza?

Usivute mkono. Bega la mtu aliyepooza limelegea, misuli iliyokuwa inalishikilia haifanyi kazi, ukimgeuza kwa kumvuta kiganja au kwapa unaweza kulitegua na maumivu yake yanakaa miezi. Weka kiganja chako nyuma ya bega, kwenye lile fupa bapa la mgongoni, ndo umsukume au umtoe mbele. Akilalia upande huo, bega litangulie mbele ya mwili, asilalie juu yake.

Anaweza kukaa kidogo. Si bora kwenye kiti?

Bora, lakini asinyanyuliwe kwa haraka. Mtu aliyelala muda mrefu presha inashuka akiinuka ghafla, anaona giza na kuanguka. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, miguu ikanyage chini, akae dakika mbili akiongea na wewe. Akisema kizunguzungu, au ukiona anatoka jasho, au macho yanatazama pasipo kukuona, mrudishe alale na unyoe kama swali la kwanza la sehemu hii.

Kiti kiwe na mikono na mgongo, si stuli. Mwambie ainamishe kidevu mbele kidogo unaponyoa kisogo, usimlaze kichwa nyuma. Shingo ya mzee kuikunja nyuma sana, kama wanavyofanya kwenye sinki za saluni, kunaweza kubana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na wapo watu waliopata kiharusi hivyohivyo wakioshwa nywele.

Vijinywele vinabaki shukani na mgonjwa anajikuna usiku kucha. Tunakosea wapi?

Hapa ndo wengi wanaharibu, wananyoa vizuri kabisa halafu wanamwacha alale juu ya mabaki. Kijinywele cha milimita 2 ni kigumu kama sindano, kikishuka mgongoni mpaka kwenye makalio, mtu asiyeweza kujigeuza anakilalia kwa muda wa saa nane nzima. Kinachoma, anajikuna au anajisugua, ngozi inachubuka, na mchubuko wa makalio kwa mgonjwa wa kulala ndo mlango wa kidonda.

Dawa yake ni mpangilio. Shuka la kunyolea likunjwe kwa ndani na litoke kabla hujamrudisha chali. Halafu futa shingo, nyuma ya masikio na mabega kwa kitambaa chenye unyevu, ukikunje kila mara upate upande safi, usifute kwenda mgongoni bali kwenda nje. Mwisho badilisha shuka la kitanda na foronya hata kama yanaonekana masafi, pitisha kiganja mtupu juu ya shuka kabla hajalala, kiganja kinahisi kile ambacho jicho halioni. Poda ya kinyozi achana nayo, inapeperuka anaivuta puani na kwenye mikunjo inaganda.

Kichwa naoshaje bila kulowesha kitanda?

Kunja taulo kubwa kama nyoka, lipinde umbo la kiatu cha farasi, liweke juu ya nailoni na upande ulio wazi uelekee ukingoni mwa kitanda. Nailoni inapita juu ya taulo na kushuka mpaka kwenye ndoo iliyoko sakafuni, hapo una sinki. Shingo yake inakaa juu ya taulo, si kichwa kuning'inia.

Maji ya uvuguvugu, yapime ndani ya kifundo cha mkono. Jagi moja la kulowesha, shampuu kidogo tu kama ujazo wa kijiko cha chai maana nywele ni fupi, jagi mbili za kusuuza, mkono wako ukizuia yasiende machoni na masikioni. Kausha kwa kugandamiza, si kwa kusugua, nyuma ya masikio usipasahau. Kama hata hivyo ni kazi kubwa kwake, kitambaa chenye maji na sabuni halafu kingine cha maji matupu mara mbili kinatosha.

## Usafi wa vifaa na damu

Mashine hii tunatumia nyumba nzima. Kuna shida?

Ipo. Fangasi wa kichwani wanahama na mashine, na tone la damu lisiloonekana linaweza kubeba virusi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili angalau siku 7, kwa hiyo kuiacha mashine kabatini wiki nzima si kuisafisha. Uwezo ukiwepo mnunulie mzee mashine yake. Ukiwa haupo, angalau kitana na kichanuo viwe vyake peke yake na mashine isafishwe kabla na baada yake.

Kuisafisha: izime, toa kichanuo, piga nywele zote kwa mswaki mkuukuu, halafu ndo upake spiriti ya asilimia 70 kwenye meno na uache ikauke yenyewe. Nywele zikiwa bado zimo spiriti haifanyi kazi. Usiiwashe ikiwa bado na spiriti, na usifanye karibu na jiko au mshumaa. Ikikauka weka tone moja la mafuta ya mashine.

Kitana, kichanuo na mkasi vioshe kwa sabuni kisha viloweke kwenye jiki. Jiki ya kawaida yenye asilimia 3.5, kikombe kimoja cha jiki na vikombe sita vya maji, dakika 10, suuza, kausha. Tumia maji baridi na changanya siku hiyohiyo unayotumia, ya jana imeshapungua nguvu. Mkasi usiuache zaidi ya hapo, unashika kutu.

Nimemkata kidogo na damu haikomi.

Weka kitambaa safi au gozi, bana kwa nguvu kiasi dakika 10 bila kuinua kuchungulia. Kuchungulia kila dakika ndo kunakofanya damu isigande. Kwa anayetumia warfarini au klopidogreli bana dakika 10 nyingine. Ikiendelea baada ya hapo, au mkato umefunguka, mpeleke kituo cha afya na mchukue na paketi ya dawa zake waone. Usiweke majivu, kahawa wala dawa ya meno.

Mashine iliyogusa damu spiriti peke yake haitoshi. Fungua meno, yasugue kwa sabuni, yaloweke kwenye jiki ya hapo juu dakika 10, suuza vizuri, kausha, paka mafuta. Wewe vaa glovu kama mkononi una mchubuko.

## Ngozi ya kichwa inakuambia nini

Nimeshanyoa, nikague nini?

Kisogo kwanza, halafu nyuma ya masikio yote mawili. Wanasema angalia wekundu, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyokolea rangi kuliko jirani zake, inayoelekea zambarau, halafu iguse kwa mgongo wa kidole: ina joto au baridi kuliko pembeni? Ni ngumu, au inabonyea kama ndizi iliyoiva sana? Anakunja uso ukigusa? Ukipata kimoja kati ya hivyo, kichwa kisilalie hapo tena mpaka pawe sawa. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usipakande, na mwite muuguzi apaone.

Mahali pasipo na nywele hapo kisogoni, duara laini bila magamba, mara nyingi ni mbano wa muda mrefu. Kwa hiyo usikimbilie kupaka dawa ya fangasi, punguza mbano kwanza.

Ana magamba mengi. Ni mba au mapunye?

Mba wa mafuta una magamba ya njano yenye unyevu, yamesambaa, yanafika kwenye nyusi na pembeni ya pua. Waliopata kiharusi na wenye ugonjwa wa Parkinsoni wanaupata sana. Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 inasaidia, paka, acha dakika 3 mpaka 5, suuza, mara moja au mbili kwa wiki. Usiyabandue magamba kwa kucha wala kwa meno ya mashine, yalainishe kwa mafuta ya nazi usiku mmoja kabla.

Mapunye yanakuja kwa duara, nywele zimekatikia kwenye shina, na pengine kuna mtoto nyumbani mwenye hali hiyohiyo. Dawa ya kupaka peke yake haiyatoi, yanahitaji vidonge kutoka hospitali. Ukiyaona, mashine hiyo isimguse mtu mwingine kabla hujaisafisha.

Ana vinundu na alama nyeusi zilizoinuka.

Kabla ya kunyoa pitisha vidole kichwani polepole, ukikipata kinundu zungushia duara kwa kalamu ya wino. Hapo unapita na mkasi, si mashine. Kinundu kinachotoka damu, kinachokua haraka au kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi kionwe na daktari.

## Kina mama, ndevu na masikio

Bibi ana nywele ndefu zimefungamana kisogoni. Tunyoe tu?

Muulize yeye. Akiwa anaelewa, hilo si jambo la watoto kuamua kikao cha sebuleni, kwa wengine kichwa cha mama kunyolewa ni dalili ya msiba na anaweza kulia siku nzima. Na kwa mama anayejistiri, mlango ufungwe na anyolewe na mwanamke mwenzie au mtu wake wa karibu.

Kufungua fundo: paka mafuta ya nazi au kondishena mpaka ndani, funika na kofia ya nailoni nusu saa, shika nywele karibu na ngozi kwa vidole ili asivutwe, halafu fungua kwa vidole kutoka nchani. Dakika 15 kwa siku, siku mbili tatu. Fundo ambalo halifunguki likate kwa mkasi butu, ukiweka meno ya kitana kati ya mkasi na ngozi ili usikate kipande cha kichwa.

Baada ya hapo muache na nywele za sentimita 2 au 3 akikubali, au msuke mistari mikubwa iliyolegea inayoishia pembeni au utosini. Rasta, uzi na kifundo cha nyuma vinageuka kuwa jiwe chini ya kichwa, mabanio ya chuma pia usiache. Kilemba cha pamba laini kisicho na mshono kisogoni kitamfanya ajione vizuri bila kumuumiza.

Ndevu na nywele za puani je?

Ndevu ni mashine ileile, acha milimita 1 mpaka 3. Meno ya bandia yawe mdomoni wakati wa kunyoa, bila hayo mashavu yanaingia ndani na ngozi inajikunja. Upande uliopooza mdomo unalegea, uvute kwa kidole taratibu. Za puani punguza tu zinazoonekana nje kwa mkasi butu, usizing'oe, na masikioni usiingize kitu chochote ndani.

## Hali ngumu

Amepoteza kumbukumbu, anapiga mikono na kutukana.

Usimshike kwa nguvu, utamjeruhi na kesho akiona tu shuka la kunyolea anaanza. Mara nyingi mlio ndo unaomtisha, kwa hiyo acha mashine, tumia kitana na mkasi. Mpe kitu mikononi, tasbihi, rozari, kipande cha kanga akikunje. Mwimbie wimbo anaoujua au weka redio yake. Kata upande mmoja dakika 5, shukuru, ondoka. Kesho mwingine. Kama anayemtii ni mjukuu fulani, huyo ndo ashike mkasi.

Anatumia oksijeni nyumbani.

Mashine ya umeme isitumike oksijeni ikiwa inatiririka, cheche ndogo ya mota karibu na oksijeni inaweza kuwasha nywele na shuka. Tumia mkasi. Spiriti na mafuta ya mgando pia yasiwe karibu. Usimtoe oksijeni ili umnyoe, labda muuguzi wake amesema anaweza kukaa bila hiyo kwa muda. Angalia mpira unapopita juu ya masikio, unachimba, weka kipande cha gozi chini yake.

Amefanyiwa upasuaji wa kichwa.

Usipite juu ya mshono wala karibu yake mpaka nyuzi zitoke na daktari aruhusu. Na kama sehemu ya fuvu imetolewa, panabonyea laini, hapo hapaguswi na mashine kabisa, ni mkasi tu na mkono mwepesi, na asilalie upande huo.

Tukimwita kinyozi aje nyumbani?

Sawa kabisa, mkono wake umezoea, ila mwambie kwenye simu kabisa kwamba atatumia mashine ya mzee, namba 2, hakuna wembe wa kuchonga mstari, na hakuna kupaka spiriti kichwani baada ya kunyoa. Hiyo spiriti inakausha na kuunguza ngozi ya mzee, mafuta ya nazi kidogo yanatosha. Kumgeuza mgonjwa ni kazi yenu nyinyi, yeye hajafundishwa, kwa hiyo msimwache naye peke yake.

Nywele zilizokatwa tutupe wapi?

Kiafya ni takataka za kawaida kama hazina damu. Lakini wazee wengi hawapendi nywele zao zipeperuke uani au ziende jalalani zikaokotwe, wanataka zifukiwe. Muulize anataka nini na ufanye hivyohivyo mbele yake au umtume mtoto akamwambie "tumeshafukia, babu". Msizichome ndani, harufu yake inamkaba mwenye kifua. Zilizogusa damu zifungwe kwenye mfuko mara mbili au zifukiwe kirefu ambako kuku hawachimbi.